Wamekuandikia "tunasikitika kukujulisha": namna ya kujibu, kuomba mrejesho na kubaki kwenye orodha yao

Usaili ukiisha, jopo linabaki na karatasi moja yenye majina yaliyopangwa kwa alama. Wa kwanza anapigiwa simu. Wa pili na wa tatu wanasubirishwa kimyakimya mpaka wa kwanza asaini mkataba, ndipo wanaandikiwa ile barua ya "tunasikitika kukujulisha". Nimekaa miaka tisa upande wa wanaoiandika barua hiyo, katika ofisi ya rasilimali watu hapa Dar es Salaam, na kitu ambacho waombaji wengi hawakijui ni kwamba ile karatasi haitupwi. Inawekwa kwenye faili, na mara kwa mara hurudi mezani.

Inarudi kwa sababu tatu. Ya kwanza, aliyesaini haripoti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28 kabla ya kuacha kazi, na katika siku hizo 28 bosi wake wa zamani anapata muda wa kutosha wa kumwongeza mshahara na kumbakiza. Ya pili, aliyeripoti anashindwa muda wa majaribio, au mwenyewe anaona hapamfai anaondoka. Ya tatu, mtu wa idara hiyohiyo anakwenda likizo ya uzazi. Hiyo ni siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na hakuna ofisi yenye akili itakayotangaza nafasi, kuchambua maombi 300 na kuitisha usaili ili izibe pengo la siku 84. Anachofanya afisa ni kufungua faili na kuuliza: yule wa pili mwezi ule alikuwa nani?

Jibu lako linaandikwa kwa ajili ya dakika hiyo. Mrejesho ni faida ya pili, nayo ni ya kweli, ila ukilenga mrejesho peke yake utaandika barua ya kudai maelezo, na barua ya kudai maelezo haimkumbushi mtu kukuita.

Jambo moja kabla ya kuanza. Haya ninayoyaeleza yanafanya kazi kwenye makampuni binafsi, mashirika yasiyo ya kiserikali, shule na hospitali binafsi, hoteli, na popote ambapo mtu mwenye jina ndiye anayeamua. Ukiomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, mambo yote yanapita kwenye Ajira Portal: matokeo yanatoka kwa orodha, na waliofaulu bila kupata nafasi huingizwa kwenye kanzidata na kupangiwa kazi kutoka humo. Barua yako ya shukrani haitakusogeza hata mstari mmoja.

Hatua ya kwanza: jua ulifika wapi

Kama uliachwa kwenye mchujo wa makaratasi, yaani hukuitwa popote, usiombe mrejesho. Afisa aliusoma wasifu wako kwa muda mfupi mno kati ya mamia, na hakuandika chochote kukuhusu. Ukimuuliza atalazimika kutunga jibu, na jibu la kutunga halina msaada. Na kama barua yenyewe imetoka kwenye anwani yenye neno `noreply`, hata ukijibu hakuna atakayesoma.

Kama ulifanya mtihani wa kuandika au ulikaa mbele ya jopo, hali ni tofauti kabisa. Kuna karatasi yenye alama zako na pengine maneno mawili matatu pembeni. Mrejesho upo tayari umeandikwa, kinachohitajika ni mtu kukubali kukusomea. Hapo ndipo pa kuomba.

Kama ulipitia wakala wa ajira, mjibu wakala. Ukimruka ukamwandikia mwajiri moja kwa moja, umewaudhi wawili kwa barua moja.

Hatua ya pili: jibu kesho yake asubuhi

Barua hizi zina tabia ya kutumwa Ijumaa jioni, nami nakiri nimezituma nyingi saa hizo, kwa sababu afisa anataka kufunga wiki bila deni. Usijibu usiku huo. Ikija Ijumaa, jibu Jumatatu asubuhi. Ikija katikati ya wiki, jibu kesho yake. Ukivuka siku nne au tano, mtu ameshahamia kwenye nafasi nyingine na sura za wasailiwa zimeanza kuchanganyika kichwani mwake.

Hatua ya tatu: jibu juu ya barua yao

Usifungue barua mpya. Bonyeza kitufe cha kujibu, acha kichwa cha habari kilivyo, maana humo tayari mna jina la nafasi na pengine namba ya tangazo. Miezi mitano baadaye, afisa akiandika "mhasibu msaidizi" kwenye kisanduku cha kutafutia, mazungumzo yenu yote yatakuja kwa pamoja, pamoja na namba yako ya simu. Barua mpya yenye kichwa "Shukrani" haitaonekana tena milele.

Mjibu aliyekuandikia peke yake. Usiwaweke wanajopo kwenye nakala, na usimtafute mwenyekiti wa jopo kwa WhatsApp kwa sababu namba yake unayo. Kuhusu salamu, kama barua imesainiwa kwa jina, mrudishie jina, kwa "Bi." au "Bw." mbele yake, hata kama siku ya usaili ulimwita dada na akaitika vizuri. Kama imesainiwa cheo tu, andika "Ndugu Afisa Rasilimali Watu". Lugha iwe ileile waliyokuandikia wao.

Hatua ya nne: uliza swali moja ambalo mtu anaweza kulijibu bila kuogopa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpwa wangu alifanya usaili wa uhasibu msaidizi kwenye kampuni inayosambaza dawa. Kulikuwa na maswali ya mdomo na zoezi la vitendo kwenye kompyuta. Akaachwa. Kabla hajajibu alinitumia rasimu yake na kuniandikia, "Mjomba, hebu ipitie." Rasimu yenyewe ilikuwa hivi:

> Habari. Nimepokea barua yenu. Kwa kweli nimeumia kwa sababu maswali yote niliyajibu, na nina shahada ambayo hata tangazo halikuitaka. Naomba mnieleze vigezo mlivyotumia, na aliyechaguliwa amenizidi nini. Hata hivyo nawashukuru, na ikitokea nafasi yoyote ile, hata ya kujitolea, msisite kuniita kwani nina uhitaji mkubwa.

Hakuna tusi humo, na kila sentensi naielewa ilikotoka. Lakini mtazame anayeisoma. Anafika kwenye "vigezo mlivyotumia" na mkono unasimama, kwa kuwa hayo ni maneno ya mtu anayekusanya ushahidi. Sheria ileile ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na katika kifungu hicho mwombaji kazi anahesabiwa kama mfanyakazi. Afisa anajua kwamba sentensi moja aliyoiandika kwa nia njema, mathalani "tulitaka mtu mwenye nguvu zaidi", inaweza kusomwa siku moja mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ndiyo maana wengi hujibu "ushindani ulikuwa mkubwa". Si kwamba hawana la kusema. Ni kwamba sentensi hiyo haijawahi kumpeleka mtu popote.

Anafika kwenye "aliyechaguliwa amenizidi nini". Hilo hawezi kulijibu hata akitaka, maana atakuwa anatoa habari za mtu mwingine.

Kwa hiyo swali lako liwe na sifa tatu: likuhusu wewe tu, litazame mbele badala ya kurudi kwenye uamuzi, na liweze kujibiwa kwa sentensi moja na mtu mwenye karatasi ya alama mkononi. Njia rahisi ya kufika hapo ni kulitaja mwenyewe eneo unalodhani lilikuangusha. Ukishalitaja, afisa hana tena kazi ya kutafuta namna ya kukuambia ukweli bila kukuumiza. Anathibitisha au anasahihisha, basi. Mpwa wangu nilimuuliza, "Wapi ulitoka jasho?" Akaniambia sehemu ya pili ya zoezi la vitendo hakuimaliza. Alipewa daftari la fedha na taarifa ya benki za mwezi mmoja, salio haziendani, atafute tofauti. Basi swali tumelipata.

Na mwishoni mwa swali mpe mlango wa kutokea: mwambie utaelewa kama utaratibu wao hauruhusu. Mtu aliyepewa ruhusa ya kukataa hujibu mara nyingi zaidi kuliko aliyebanwa, na hili nimeliona kwangu mwenyewe.

Ila kama kilichotokea kwenye usaili kilikuwa ubaguzi wa wazi, umeulizwa una mimba au wewe ni dini gani, usikichomeke kwenye barua hii. Malalamiko yana njia yake na barua yake. Ukichanganya, yote mawili yanaharibika.

Hatua ya tano: taja mlango unaoutaka ubaki wazi

"Nafasi yoyote ile" inaonekana ni unyenyekevu, lakini kwa afisa haina kazi. Siku mhasibu anakwenda likizo ya uzazi, anatafuta mtu wa uhasibu, hatafuti mtu wa chochote. Taja kazi moja au mbili zinazofanana na ile uliyoiomba. Kisha ongeza maneno ambayo wengi hawayaongezi: kwamba uko tayari hata kwa mkataba wa muda mfupi, na unaweza kuripoti baada ya siku ngapi. Hayo mawili ndiyo afisa anayotaka kuyajua pengo linapotokea ghafla. Kama uko kazini na unahitaji siku 28 za notisi, sema hivyo, na nafasi ya muda mfupi usiitaje kama huwezi kuacha kazi yako kwa ajili yake.

Halafu kuna sentensi ya wasifu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Ofisi zinazozifuata hazitakiwi kukaa na taarifa za mtu kuliko inavyohitajika, hivyo baadhi zimeweka utaratibu wa kufuta wasifu wa walioachwa. Ukiandika "naridhia mwendelee kuhifadhi wasifu wangu kwa ajili ya nafasi zijazo", umempa afisa sababu ya kukubakiza. Ni maneno machache, hayagharimu kitu.

Uhitaji usiutaje. Si kwamba ni aibu. Ni kwamba kila aliyeachwa anao, kwa hiyo haukutofautishi na mtu.

Barua yenyewe

Tuliiandika upya jioni hiyo, naye akaituma asubuhi saa tatu:

> Habari za asubuhi Bi. (jina),
>
> Asante kwa kunijulisha matokeo ya usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi, na kwa muda ambao jopo lilinipa. Ningefurahi kuipata kazi hiyo, lakini nimeupokea uamuzi wenu.
>
> Nina ombi moja. Kwenye zoezi la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki sikumaliza sehemu ya pili. Je, ninachopaswa kuboresha zaidi ni kasi, au ni namna ninavyoifanya kazi yenyewe? Hata sentensi moja itanisaidia, na nitaelewa kama utaratibu wenu hauruhusu.
>
> Ikitokea nafasi ya uhasibu msaidizi au ya kufuatilia madeni ya wateja, hata ya mkataba wa muda mfupi, ningependa kufikiriwa. Ninaweza kuripoti ndani ya wiki moja. Naridhia pia mwendelee kuhifadhi wasifu wangu kwa ajili hiyo.
>
> Nawatakia kazi njema.
>
> (Jina kamili)
> Msailiwa, nafasi ya Mhasibu Msaidizi
> (Namba ya simu)

Isome kwa sauti na utaona haifiki dakika moja. Sentensi ya "ningefurahi kuipata" tuliibishania. Yeye aliona ni kujidhalilisha, mimi nikaona bila hiyo barua inakuwa baridi, kama ya mtu aliyeshapata kwingine. Na haikubandikwa wasifu mpya, wanao tayari.

Hatua ya sita: jibu likija, usilibishe

Lilikuja siku ya tatu, mistari miwili. Kasi haikuwa tatizo. Alizipata tofauti tatu kati ya nne, lakini kwa kila tofauti aliandika kiasi tu, hakuandika sababu, na mhasibu mkuu alitaka kuona sababu.

Hilo ni jibu la dhahabu, kwa anayeijua kazi. Tofauti kati ya daftari na benki inaweza kuwa hundi iliyotolewa ambayo mwenyewe hajaipeleka benki, au makato ya benki ambayo hayajaingizwa daftarini, au fedha iliyowekwa jioni ya mwisho wa mwezi ikasomeka benki mwezi unaofuata. Kiasi bila sababu hakimwambii bosi kama arekebishe daftari au asubiri tu. Mpwa wangu alikuwa anazijua sababu zote. Alidhani hazihitajiki kuandikwa.

Jibu lake la kwanza kichwani lilikuwa, "Lakini karatasi ya maswali haikusema tuandike sababu." Inawezekana ni kweli. Lakini ukiituma sentensi hiyo, umemfundisha afisa kwamba kukupa mrejesho ni kujitafutia mabishano, na hatarudia, si kwako wala kwa mwingine. Aliandika: "Asante sana, Bi. (jina). Nimeelewa, na hilo nitalifanyia kazi." Akaishia hapo.

Ukijibiwa "ushindani ulikuwa mkubwa" au "tulipata mwenye uzoefu zaidi", shukuru vivyo hivyo na usichimbe. Na kimya kikiwa ndiyo jibu, usikumbushie. Kukumbushia mrejesho ni kudai deni ambalo hakuna aliyekopa. Barua yako imeshafanya kazi yake kubwa: imelala kwenye mazungumzo yaleyale pamoja na jina la nafasi na namba yako.

Ukipigiwa simu badala ya kuandikiwa, shukuru, uliza swali lako moja palepale kwa sauti ya kawaida, na ukishakata simu andika alichosema kabla hujasahau. Kisha tuma ujumbe mfupi wa shukrani wenye jina lako kamili na jina la nafasi, ili kibaki kitu cha maandishi.

Hatua ya saba: rudi mara moja, ukiwa na habari

Subiri kama miezi mitatu. Muda huo si wa kubahatisha: aliyeajiriwa ametoa notisi, ameripoti, na anaelekea katikati au mwisho wa muda wake wa majaribio, ambao kwenye ofisi nyingi ni miezi mitatu hadi sita. Rudi kwenye mazungumzo yaleyale, jibu juu ya barua ya mwisho, na uwe na jambo jipya linalogusa mrejesho uliopewa. Kama huna jambo jipya, usiandike. "Nakumbushia tu" ni ujumbe wa kumpa mtu hatia.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa anashika hesabu za duka la dawa la mtaani kwao kwa malipo kidogo. Aliandika hivi:

> Habari za leo Bi. (jina). Baada ya mrejesho wenu, tangu mwezi wa nne ninalinganisha vitabu vya duka moja la dawa na taarifa yake ya benki kila mwisho wa mwezi, na kila tofauti naiandikia sababu na hatua ya kuchukua. Bado ninapatikana kwa nafasi za uhasibu msaidizi, za kudumu au za muda. Kazi njema.

Hakujibiwa. Wiki sita zikapita, yeye akiwa ameshaitoa kichwani. Halafu simu ikaita Jumatano mchana: mhasibu wao anaingia likizo ya uzazi mapema kuliko ilivyopangwa, je, anaweza kuja kesho kusaini mkataba wa siku 84? Hakufanyiwa usaili mwingine. Siku 84 zilipoisha, mwenye kiti akarudi kwenye kiti chake na mpwa wangu akatoka na barua ya utambulisho wa kazi na namba ya mhasibu mkuu. Nafasi ya kudumu haikuwepo, na haijatokea mpaka leo.

Na kama umebadilisha namba ya simu baada ya kutuma barua yako, rudi kwenye mazungumzo yaleyale leo uandike namba mpya. Nilishawahi kumpigia wa pili kwenye orodha mara nne kwa siku moja, namba haipatikani. Saa kumi jioni nikampigia wa tatu.